Andikeni Tarehe, Andikeni Kiasi

Juzi shule anayosoma binti yangu imetuma tena bango la ada kwenye kundi la wazazi. Picha ni nzuri, watoto wamevaa sare mpya. Chini yake pameandikwa: "Ada inalipwa kwa awamu nne. Wazazi mnakumbushwa kulipa kwa wakati. Watakaochelewa hatua zitachukuliwa." Nimeyasoma maneno hayo na moyo ukanirudisha Aprili.

Ada yetu ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Awamu ya kwanza ni 960,000, kisha 480,000 mara tatu. Bango la Aprili lilisema awamu ya pili ilipwe "mwanzoni mwa mwezi". Nilituma 480,000 kwa simu Alhamisi jioni, tarehe 2. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, ikafuata Pasaka, Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne tarehe 7 ikawa Siku ya Karume. Jumatano asubuhi basi la shule likafika, dada wa basi akaangalia karatasi yake, akamwambia binti yangu asipande. Ana miaka minane. Alibaki kituoni na begi mgongoni, wenzake wakimwangalia dirishani.

Fedha zilikuwa zimeshaingia kwenye akaunti ya shule tangu Alhamisi usiku. Ila orodha ya wadaiwa ilichapwa Alhamisi mchana. Tena mimi nilituma kwa jina langu, la mtoto sikuliandika, kwa hiyo mhasibu aliiona 480,000 asijue ni ya nani. Hapo kosa langu nalikubali. Lakini bango halikutaja popote kwamba uandike jina la mtoto na darasa lake, wala halikutaja siku ambayo jina lako litaingia kwenye orodha. "Mwanzoni mwa mwezi" kwangu ni hata tarehe 5. Kwa mhasibu ilikuwa tarehe 2 saa sita mchana.

Kisha likaja suala la faini. Niliambiwa ni asilimia 5, nikauliza, asilimia 5 ya nini?

"Ya deni, mama."

Deni lipi? Kama ni la awamu iliyochelewa, faini ni 24,000. Kama ni la ada yote iliyobaki mwaka huo, yaani 1,440,000, faini ni 72,000. Na mzazi aliyekwisha kupunguza 400,000, akabakiza 80,000 tu, anadaiwa faini ya 4,000 au ya 24,000? Tena inatozwa mara moja, au kila wiki inaongezeka? Mhasibu mwenyewe alinyanyua simu kumuuliza mkurugenzi. Kama anayetoza hajui, mimi mlipaji nitajuaje? Mzazi mwenzangu aliyechelewa kweli alitozwa 72,000, na mwingine wa darasa hilohilo alitozwa 24,000, kwa kiasi kilekile na siku zilezile.

Najua shule inalipa walimu kila mwezi, na muuza mchele na maharage hasubiri. Wapo pia wazazi wanaokaa kimya hadi Desemba. Sawa, shule idai, na faini iwepo. Ninachokataa ni neno "hatua". Ndani ya neno hilo mmoja anasoma faini, mwingine anasoma ripoti kuzuiwa, na mtoto wangu alilisomea kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jambo la ada ni la mzazi na ofisi, lisianzie kwa mtoto mlangoni mwa basi.

Na kama chakula na usafiri havimo kwenye hizo 480,000, semeni palepale.

Nimekaa usiku nikaandika maelezo ambayo yangetosha chini ya picha ileile:

"Awamu ya tatu: shilingi 480,000, chakula kimo, basi halimo. Mwisho ni Ijumaa 10 Julai 2026, saa sita usiku. Tunahesabu siku uliyotuma. Andika jina la mtoto na darasa. Tarehe 13 Julai ofisi itampigia mzazi ambaye malipo yake hayajaonekana. Kuanzia 20 Julai kiasi kilichobaki cha awamu hii kitaongezwa faini ya asilimia 5, mara moja tu. Ukiona hutaweza, njoo kwa mhasibu kabla ya tarehe 10 mpange tarehe nyingine kwa maandishi. Mtoto hatazuiwa kupanda basi wala kuingia darasani kabla ya mzazi kuzungumza na ofisi."

Ni sentensi chache, zinaenea kwenye skrini ya simu. Wiki moja kati ya simu na faini nimeiweka makusudi, maana ndiyo inayompa mhasibu nafasi ya kutafuta malipo yasiyo na jina kabla hajamwadhibu mtu. Masharti yenyewe shule inaweza kuyabadilisha, hata faini ikaipandisha, mradi kila mzazi aisome mapema na iwe moja kwa wote.

Nimempelekea mhasibu asubuhi ya leo. Ameisoma mara mbili, akaniuliza kama anaweza kuipeleka kwa mkurugenzi bila kubadilisha kitu. Nimemwambia abadilishe anachotaka, ila ile sentensi ya mwisho aiache.