Thamani ya k isiyostahili kuwa jibu

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinitumia picha ya swali alilolipiga kwa simu, ukurasa ukiwa umepinda na mwanga ukiwa hafifu upande wa kulia. Swali lilimtaka atafute thamani za k zinazoufanya mlinganyo huu uwe na mizizi miwili iliyo sawa:

```
kx² + 2kx + 3 = 2x² + 4x
```

Chini yake alikuwa ameandika jibu lake: k = 2 au k = 5. Hesabu zake zilikuwa safi, na bado nasema jibu hilo ni kosa.

Kabla ya hesabu, nilimwomba anihakikishie alichokiona kitabuni, kwa kuwa katika picha ile kipeo kidogo cha 2 juu ya x ya upande wa kulia kilikuwa kimefifia, kiasi kwamba 2x² ingeweza kusomwa kuwa 2x. Mwenye kusoma 2x angepata upande wa kulia wa 2x + 4x, na hapo angepaswa kushtuka, maana ni nadra mtunzi wa swali kuacha vijumlisho viwili vya aina moja bila kuvijumlisha. Akiendelea na usomaji huo, kibainishi chake kingekuwa 4(k² − 9k + 9), ambacho kikiwa sifuri kinatoa thamani za k zenye kipeuo cha pili cha 45. Namba mbaya za namna hiyo hazithibitishi kwamba picha imesomwa vibaya, lakini ni sababu ya kutosha ya kuirudia picha kabla ya kurudia hesabu.

Baada ya kusoma sawasawa, hatua ninayoomba isirukwe kamwe ni kuhamishia kila kitu upande mmoja na kukusanya vijumlisho vya x² pamoja na vya x pamoja:

```
(k − 2)x² + 2(k − 2)x + 3 = 0
```

Sasa ndipo tunaweza kusema kwamba a = k − 2, b = 2(k − 2) na c = 3. Mwenye haraka huchukua a = k na b = 2k kutoka upande wa kushoto peke yake, akapata k = 0 au k = 3. Kosa hilo hujifichua upesi: ukiweka k = 3 katika mlinganyo wa awali unabaki na x² + 2x + 3 = 0, ambao kibainishi chake ni −8, kwa hiyo hauna mzizi halisi hata mmoja.

Kwa vizigeu vilivyo sahihi, b² − 4ac inakuwa 4(k − 2)² − 12(k − 2), na tukitoa kigawo cha pamoja tunapata 4(k − 2)(k − 5). Ikiwa ni sifuri, k ni 2 au 5, na hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoweka kalamu chini.

Tuiweke kila thamani mahali pake. Kwa k = 5 mlinganyo unakuwa 3x² + 6x + 3 = 0, yaani 3(x + 1)² = 0, na mizizi yote miwili ni −1. Kwa k = 2, x² inatoweka, x nayo inatoweka, na kinachobaki ni 3 = 0. Hakuna x yoyote inayoweza kuikidhi kauli hiyo, sembuse mizizi miwili iliyo sawa.

Wapo walimu wanaoihesabu k = 2 kuwa dosari ndogo, wakampa mwanafunzi alama zote kwa kuwa amejua kuandika b² − 4ac = 0. Sikubaliani nao. Kanuni ya kibainishi imepatikana kwa kukamilisha mraba, na kazi hiyo huanza kwa kugawanya mlinganyo wote kwa a. Kwa hiyo sharti kwamba a si sifuri limo ndani ya kanuni yenyewe tangu mwanzo, na anayelisahau anaitumia kanuni mahali ambapo haipo.

Ndiyo maana nimemwelekeza aandike k ≠ 2 mara tu anapomaliza kukusanya, kabla hajagusa kibainishi. Sharti hilo likiwa limekwisha kuandikwa, anaruhusiwa hata kugawanya pande zote kwa (k − 2) na kufika kwenye k = 5 moja kwa moja. Bila sharti hilo, mgawanyo uleule ungempa jibu sahihi kwa bahati tu, kwa kuwa angekuwa ameitupa thamani ya 2 bila kujua kwa nini inatupwa. Alinirudishia picha nyingine jioni, safari hii ya daftari lake, na sharti lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wa pili.