Kwa nini hakuna anayeuza mtaa usio na mbu

Duka la kona ya mtaa wetu, huku Dar es Salaam, lina kila silaha ya mbu. Kuna dawa za kuchoma, za kupulizia, za kupaka, na vyandarua vya bei mbalimbali. Kitu kimoja tu hakiuzwi pale wala duka lingine lolote: mtaa usio na mbu. Ndicho tunachokitaka kuliko hivyo vingine vyote, na namna ya kukipata inajulikana miaka mingi. Nimekaa na swali hili tangu mchango wetu ulipokufa, na nimeshawishika kwamba jibu halimo katika tabia mbaya ya majirani zangu.

Kazi yenyewe haina siri. Bondeni kwetu watu wanalima matembele na viazi, na katikati ya matuta maji hutuama. Ukichota kwa upawa mweupe utawaona viluwiluwi. Wale wa mbu wa kawaida wa chooni huning'inia kichwa chini. Wa anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama vijiti. Joto la Dar huwatoa kwenye yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Dawa ya bakteria inayowaua haidhuru samaki wala mtu, lakini nguvu yake huisha upesi, kwa hiyo lazima mtu arudi kila wiki, dimbwi kwa dimbwi. Ukikuta viluwiluwi wakubwa siku chache baada ya dawa, ujue dimbwi hilo lilirukwa.

Mwaka jana tulikubaliana kwenye kikao cha mtaa: kila kaya itoe shilingi 2,000 kwa mwezi, vijana wawili walipwe, dawa inunuliwe. Mwezi wa kwanza zaidi ya nusu walitoa. Mwezi wa tatu tulibaki kaya 31 kati ya 200. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliniambia bila kuficha, "Mwanangu, hao vijana wakipita, mbu wanapungua kwangu nisipotoa. Wasipopita, elfu mbili yangu peke yake itafukuza mbu gani?" Nilitafuta la kumjibu nikakosa, kwa sababu hesabu ilikuwa upande wake.

Tuifanye hesabu hiyo. Chukua kaya 200 na kazi inayogharimu 400,000 kwa mwezi. Tuseme mtaa ukisafishwa wote, kila kaya inaokoa 5,000 za dawa za kuchoma na za zahanati. Faida ya mtaa mzima ni milioni moja kwa gharama ya laki nne, biashara ambayo hakuna angeikataa. Sasa mtazame yule mama na elfu mbili yake. Inanunua sehemu moja kati ya 200 ya kazi. Faida inayozaliwa ni 5,000, ila inagawanyika kwa kaya zote, na inayoingia mlangoni kwake ni shilingi 25. Atoe 2,000 apate 25? Na zile 4,975 zinakwenda kwa majirani ambao hawezi kuwadai.

Wachumi huita vitu vya namna hii bidhaa za umma. Paul Samuelson aliieleza nadharia yake mwaka 1954. Zina sifa mbili: mimi nikifaidi sikupunguzii wewe, na huwezi kumzuia asiyelipa asifaidi. Sifa ya pili ndiyo inayomfukuza mfanyabiashara. Anayeuza chandarua anakishika mpaka umlipe. Anayeua mbu wa bonde zima hana cha kukunyima. Hivyo kila mmoja anadandia, na gari linakosa mafuta. Soko basi linatupa kile linachoweza kukifungia: kinga ya chumba kimoja, usiku mmoja, inayonunuliwa upya kesho.

Kuna jambo linalonithibitishia kwamba tatizo ni hilo hasa, wala si kwamba kampuni binafsi haziwezi kazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, mgodi wa shaba wa Roan Antelope kule Luanshya, Zambia ya leo, ulidhibiti mbu kwa fedha zake: ukasafisha mito, ukakausha vinamasi. Ulikuwa mgodi wa faida, si wa hisani. Lakini eneo lote lilikuwa chini yake na wafanyakazi waliougua walikuwa wake, kwa hiyo faida nzima ilirudi katika daftari moja. Mtaa wetu una madaftari 200.

Hata chandarua chenye dawa, kinachoonekana ni mali ya mtu binafsi, kimebeba kipande cha bidhaa ya umma. Kinaua mbu anayekigusa, na mbu huyo angemuuma jirani. Anayenunua huhesabu usingizi wake tu, na ndiyo maana kwa bei ya dukani vyandarua hununuliwa pungufu ya vinavyohitajika. Tanzania ilianza na Hati Punguzo mwaka 2004 kwa wajawazito, kisha ikavigawa bure kwa mamilioni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kwa upande wa viluwiluwi, mwaka huohuo wa 2004 Dar es Salaam ilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15, wakazi wa mitaa hiyo wakikagua madimbwi kila wiki. Malaria ilipungua palipopuliziwa. Gharama ilikaribia dola moja kwa mtu kwa mwaka. Baadaye, mwaka 2015, kikafunguliwa kiwanda cha dawa ile ya bakteria Kibaha, kwa teknolojia ya Kuba. Dawa ikatengenezwa hapahapa nyumbani, na mnunuzi akakosekana. Juni 2017 Rais Magufuli alifika akakuta shehena imelala, akaagiza halmashauri zote zikanunue.

Watu walishangaa halmashauri zilikuwa wapi. Mimi naziona zikiwa mahali palepale pa yule mama. Mbu hajui mpaka wa manispaa, na fedha inayookolewa malaria ikipungua hubaki mifukoni mwa familia na katika bajeti ya hospitali, haionekani kwenye makusanyo ya halmashauri. Wadandiaji wamekuwa wakubwa tu. Agizo linaweza kufikisha madumu stoo, lakini dumu halijipulizii. Gharama inayorudi kila wiki ni ya miguu ya watu.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia mchango wa hiari. Nataka fedha hii itoke kwenye kodi na ushuru tunaolipa tayari, ikiwa na fungu lake kwenye bajeti ya halmashauri, likianza na posho ya wapuliziaji kabla ya dawa. Na wapewe haki ya kuingia ndani ya geti. Mpango ule wa Dar uligundua kwamba madimbwi yaliyo ndani ya nyua zenye uzio yalikuwa rahisi zaidi kurukwa. Kwetu kuna kiwanja kimoja chenye ukuta mrefu na msingi wa nyumba uliojaa maji tangu masika. Vijana wetu waligonga pale kila wiki kwa miezi mitatu. Hawakufunguliwa hata mara moja, na mchango wa hiari haukuwapa haki ya kumwambia mwenye geti kwamba lazima afungue.