Fani na maudhui: mpango wa insha uzitenganishe wapi?

Mwanafunzi anayepanga insha juu ya riwaya mara nyingi huanza kwa kuigawa karatasi mapande mawili. Kushoto anaandika fani: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari. Kulia anaandika maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Wanaoutetea mgawanyo huu hutumia mfano wa kikombe na chai, kwamba chombo ni kimoja na kinywaji ni kingine. Wanaoupinga husema riwaya haina chai inayoweza kumiminwa ikabaki ileile. Kwa maoni yangu, wa kwanza wana haki wakati wa kukusanya hoja, na wa pili wana haki wakati wa kupanga aya.

Tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa anakulia Ukerewe chini ya baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye humchunga asiwe na uhusiano wowote na wavulana. Akiwa masomoni mbali na nyumbani, mkono wa baba haumfikii tena, na hajui namna ya kujiongoza mwenyewe. Anaharibikiwa, na mwishowe anajiua.

Mpango uliogawanywa utatoa aya kama hii: “Mwandishi ametumia muundo wa msago, yaani matukio yanasimuliwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho.” Ni kweli, lakini riwaya nyingi mno zinaweza kusemwa hivyo. Kurasa mbili mbele, chini ya dhamira, mwanafunzi yuleyule ataandika kwamba malezi mabaya huharibu watoto, kisha atasimulia tena ukali wa Zakaria. Aya ya kwanza haina hoja, na ya pili imegeuka muhtasari wa kitabu. Hapo ndipo kasoro ya mpango inapoonekana: tukio lilelile linarudi mara mbili, na kila mara halithibitishi kitu.

Sasa ziunganishe. Kezilahabi anasimulia moja kwa moja kwa sababu anataka tuone chanzo kabla ya tokeo. Laiti angeanza na Rosa aliyekwisha potoka, kisha akarudi nyuma, msomaji angemhukumu binti kwanza na kumtafutia udhuru baadaye. Kwa mpangilio alioutumia, tunamjua baba kabla hatujaona makosa ya mtoto, kwa hiyo lawama inagawanyika. Huo ndio msimamo wa mwandishi juu ya malezi, na umejengwa na muundo.

Mfano wenye nguvu zaidi uko mwishoni. Kifo cha Rosa hakiifungi hadithi. Riwaya iliyokuwa ya kihalisia inavuka hadi mbele ya Mungu, na baba na binti wanakutana hukumuni, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Tukio hili utaliweka kushoto au kulia? Ni mabadiliko ya mtindo, na papo hapo ni mgogoro mkuu wa kitabu kizima unaosikika waziwazi, maana duniani Rosa hakuwa na nafasi ya kumjibu baba yake. Mpango unaolazimisha upande mmoja utalipoteza tukio hili, na nimeona insha nyingi zikiliacha kabisa kwa sababu halikupata kisanduku.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka mgawanyo ufutwe. Orodha ya vipengele humzuia mwanafunzi asisimulie tu kisa. Humlazimisha ajiulize kuhusu lugha na mandhari, mambo ambayo msomaji aliyeguswa na hadithi huyapita haraka. Swali linalotaka ulinganishe riwaya mbili nalo huwa jepesi zaidi ukiwa na orodha mbili zinazokwenda sambamba. Tena swali likisema “Jadili vipengele vya fani”, msahihishaji anatafuta vipengele hivyo kwa majina yake, na insha iliyojaa dhamira itapungukiwa alama hata ikiwa na fikra nzuri.

Kwa hiyo ningeibakiza karatasi yenye mapande mawili kama daftari la akiba, kisha nichore mishale kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mshale unakuwa aya moja: kipengele cha fani, tukio mahususi kutoka kitabuni, na dhamira au mgogoro unaojengwa na tukio hilo. Swali la fani litaanzia kushoto, la maudhui litaanzia kulia, lakini aya haikamiliki mpaka ifike upande wa pili. Kipengele kisichopata mshale, kwa mfano tashibiha moja iliyookotwa katikati ya sura, kiachwe. Ukibaki na mishale minne au mitano iliyoshiba, insha ina mwili wa kutosha.