Ujumbe wa kusubiri: utaje dakika au unyamaze?

*"Tunarekodi upya ujumbe wa wateja wanaosubiri mhudumu kwenye simu. Mfumo unaweza kutaja muda uliobaki. Tuiwashe hiyo, au tuache muziki na maneno ya kutuliza tu?"*

Wanaotaka dakika zitajwe wana hoja nzito. Anayesubiri bila kujua mwisho hana la kuamua: akate ajaribu jioni, aendelee, au aweke simu sauti ya juu afanye kazi nyingine? Ukimwambia "dakika nne", anajipanga. "Simu yako ni muhimu kwetu", kwa upande mwingine, haimpi kitu, na akiisikia kwa mara ya tano inageuka kejeli.

Wanaopinga nao hawazuii habari kwa ubahili. Wanajua ile namba inatoka wapi.

Chukua foleni yenye wahudumu 12, kila simu ikichukua wastani wa dakika 5. Mhudumu mmoja anapatikana kila baada ya sekunde 25. Mteja wa kumi kwenye foleni atasubiri kama sekunde 250, yaani dakika nne na kidogo. Hesabu safi. Sasa wahudumu wanne wakienda kula, anapatikana mmoja kila sekunde 37 na nusu, na mteja yuleyule anahitaji dakika sita na robo. Ameshaambiwa nne. Dakika ya tano ikipita, hasubiri tena: anahesabu uongo, na mhudumu atakayepokea ataanza na mtu aliyekwisha kukasirika.

Na hapo ni iwapo mfumo unahesabu hivyo. Mingine haihesabu foleni iliyopo, bali inaangalia nyuma: waliokwisha kupokelewa walisubiri muda gani. Asterisk, programu inayotumika sana kuendesha foleni za simu, huchukua robo tatu ya wastani wa zamani na robo moja ya muda wa mteja aliyetoka kupokelewa. Tuseme wastani ulikuwa dakika 2, mtandao ukakatika ghafla. Wa kwanza kupokelewa baada ya hapo kasubiri 6: wastani mpya ni 3. Anayemfuata kasubiri 7: unafika 4. Wakati huo anayeingia sasa hivi huenda atakaa dakika 10, naye anaambiwa nne. Waliokata tamaa wakakata simu hawamo kabisa kwenye wastani huo, kwa hiyo kadiri foleni inavyoumiza ndivyo namba inavyozidi kudanganya. Makosa hayaji ovyo: yanakuja siku mbaya, siku ambayo wengi ndio wanasikiliza.

Kutaja nafasi badala ya dakika kunaonekana salama zaidi, ila kuna mtego wake. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja wakubwa kipaumbele kwenye foleni hiyohiyo. Mteja akisikia ni wa nne, dakika moja baadaye ni wa sita, hakuna sauti tamu itakayomtuliza. Kama kuna kipaumbele, nafasi isitajwe.

Msimamo wangu: taja muda, mara moja tu, mwanzoni, kwa kiwango kipana chenye dari unayoweza kuifikia ("dakika tatu hadi tano"), na uuzime kabisa foleni inapofurika. Kwenye Asterisk, inayotaja dakika zake za wastani bila kiwango, hilo la kuutaja mara moja linaandikwa hivi ndani ya `queues.conf`:

```
announce-frequency = 60
announce-holdtime = once
announce-position = no
periodic-announce-frequency = 75
```

Ukitaka kiwango, kiweke ndani ya ujumbe uliorekodiwa na uzime `announce-holdtime`. Ni kazi ya mkono, kwa kuwa msimamizi wa zamu hubadilisha faili asubuhi, mchana na jioni, lakini yeye anajua nani yuko mapumzikoni; wastani haujui.

Mstari wa mwisho wa mipangilio hiyo ndio unaorudisha ujumbe uliorekodiwa kila sekunde 75, na hapo kuna kosa ambalo wengi hawalioni mpaka wapige wenyewe. Kila muziki unapokatika, masikio ya mteja yanasimama: kapokelewa! Kumbe ni mashine. Ujumbe ukirudi kila sekunde 20, katika dakika tano umemdanganya mara kumi na tano. Kwa hiyo usirudie chini ya dakika moja, na usianze na "Habari" au "Asante kwa kupiga", maana hivyo ndivyo mhudumu wa kweli anavyoanza. Anza na "Bado uko kwenye foleni".

Maneno yenyewe yawe na kazi. Kwa kampuni ya simu, ujumbe wa kwanza unaweza kuwa huu:

"Wahudumu wote wanaongea na wateja. Kwa sasa kusubiri ni dakika tatu hadi tano. Weka karibu namba ya laini yenye tatizo na kitambulisho ulichosajilia. Mhudumu hatakuuliza namba yako ya siri."

Angalia "laini yenye tatizo". Aliyepoteza simu anapiga kwa simu ya jirani, na asipoandaliwa, atatumia dakika nzima ya mhudumu kukumbuka namba yake. Sentensi ya namba ya siri inatuliza kuliko pole kumi, na inamkinga na matapeli.

Siku mtandao unapokatika, ujumbe ubadilike na uwekwe kabla ya kuingia foleni, si ndani yake: "Intaneti ya nyumbani imekatika tangu saa mbili asubuhi. Mafundi wako kazini. Huna haja ya kuzima na kuwasha modemu. Ukitaka jambo lingine, endelea kusubiri." Wengi watakata wenyewe, wameshapata jibu. Wapinzani husema hapa kampuni inajitangazia aibu. Labda, lakini aliyepiga ameshaijua hiyo aibu. Hatari ya kweli ni ujumbe kusahaulika: huduma imerudi saa tano, ujumbe unaendelea hadi kesho, na mwenye modemu mbovu anakata simu akidhani ni lile tatizo la wote. Ujumbe huo uwekewe saa ya kujizima, tuseme baada ya saa mbili, na anayetaka uendelee auwashe upya.

Jambo moja la lugha, kwa wanaoacha mfumo uunganishe vipande vya sauti. Mifumo mingi imepangwa itamke namba kwanza, kisha kipimo, na matokeo yake ni "tano dakika". Mpangilio ugeuzwe. Dakika ukishazipanga hazisumbui: mbili, tatu, nne, nane hazibadiliki. Watu ndio wanaosumbua. "Mbele yako kuna watu" inadai wawili, watatu, wanne, watano na wanane, huku sita, saba na tisa zikibaki zilivyo, na akiwa mmoja, "watu" lenyewe halifai tena. Nafasi nayo ina wa kwanza na wa pili, si "wa moja" na "wa mbili". Hivyo rekodi seti ya pili ya namba kwa ajili ya watu, kwa msomaji yuleyule na siku ileile, kisha ibadilishe iwe hezi 8000, mono, na uisikilize kupitia simu yenyewe. Spika za studio zinaficha besi ya muziki inayopotea njiani na "s" zinazokwaruza.