Namba 40 zinazolala dukani: wastani au modi?

“Nimejumlisha namba za viatu vyote nilivyouza wiki hii, nikagawa kwa idadi ya pea, nikapata 40. Mbona namba 40 ndizo zinazolala dukani?”

Tuchukue mfano wa pea 20, za kike na za kiume. Namba 37 zimetoka pea 3, namba 38 pea 6, namba 39 pea 2, namba 40 pea 1, namba 41 pea 2, namba 42 pea 5, na namba 43 pea 1. Jumla ya namba zote ni 792. Gawa kwa 20, unapata 39.6. Ukikadiria, ni 40, na 40 imenunuliwa na mteja mmoja tu. Modi, yaani namba iliyojirudia zaidi, ni 38.

Kiatu hakina suluhu ya katikati. Katika vipimo vya Ulaya, vinavyotumika katika maduka yetu mengi, namba moja hadi nyingine ni kama milimita 6.7. Anayevaa 38 ukimpa 40, kiatu kinamzidi kwa zaidi ya sentimita moja na kisigino kinachomoka. Wa 42 hata vidole havitaingia.

Hata hivyo, wastani usitupwe. Tenga viatu vya kike (37 hadi 39) na vya kiume (40 hadi 43), kisha upige tena: vya kike vinatoa 37.9, vya kiume 41.7. Sasa umekaribia kabisa 38 na 42. Kilichotupotosha ni kuchanganya makundi mawili. Wastani ukaangukia kwenye bonde lililo kati yao. Na kwenye mtaji, wastani ndio unaofaa: ukiuza wastani wa pea 20 kwa wiki, wiki nne ni kama pea 80, na hapo unajua uagize mzigo kiasi gani. Modi haiwezi kukupa hesabu hiyo.

Modi nayo ina udhaifu. Ukijaza 38 peke yake, wateja 14 kati ya wale 20 wanaondoka mikono mitupu. Mimi ningeitumia kujua pa kuweka uzito, kisha nigawe mzigo kwa uwiano wa mauzo ya kila namba. Tena mauzo ya pea 20 ni machache: wateja wachache tu wakibadilika, modi nayo inahama.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye daftari la mauzo lenyewe, maana linaonyesha kilichokuwepo dukani tu. Namba 38 zikiisha Jumanne, wanaozitaka Jumatano hawaandikwi popote, au wanachukua 39 kwa shingo upande, na mwisho wa wiki 39 inaonekana ndiyo inayotoka. Ndiyo maana namba inayofaa kuandikwa ni ile mteja aliyoiulizia alipoingia, hata kama ametoka bila kununua.