Kuugua Homa ya Mafua Mara Mbili katika Msimu Mmoja, na Muda Ambao Chanjo Hukinga

Wapo wanaoamini kwamba aliyekwisha kuugua homa ya mafua hawezi kuugua tena hadi msimu ujao, na wapo wanaoapa kwamba wameugua mara tatu tangu msimu uanze. Kauli zote mbili zinanisumbua, kwa kuwa ya kwanza huwafanya watu waache kujikinga mapema, nayo ya pili huwafanya waione chanjo kuwa haina kazi. Ninachoshikilia ni kwamba kuugua mara mbili kunawezekana kabisa, ingawa hakutokei mara nyingi kama kunavyosimuliwa, na kwamba yeyote anayetaka kujua amekingwa kwa muda gani hana budi kuuliza kwanza amekingwa dhidi ya kirusi kipi.

Homa ya mafua inayowasumbua binadamu kila msimu haitokani na kirusi kimoja. Kuna aina ya A, ambayo kwa sasa huzunguka katika sura mbili, H1N1 na H3N2, na kuna aina ya B, ambayo kwa sasa ni ya ukoo uitwao Victoria, kwa kuwa ukoo wake wa pili, Yamagata, haujathibitishwa kuzunguka tangu Machi 2020. Mwili ukishapambana na H3N2 hutengeneza kingamwili zinazoitambua H3N2, hasa ile protini ya juu ya kirusi ambayo hukiwezesha kujishika kwenye seli za koo na mapafu. Kingamwili hizo huizuia H1N1 kwa kiasi kidogo tu, na dhidi ya aina ya B hazina msaada wa kutegemewa. Mara nyingi aina ya A hutangulia katika msimu, kisha aina ya B hushika kasi A inapoanza kupungua. Kwa hiyo mtu aliyelala kitandani kwa sababu ya A mwanzoni mwa msimu anaweza kulazwa tena na B miezi miwili au mitatu baadaye, bila kinga yake ya kwanza kuwa imeshindwa kufanya kazi iliyofunzwa kuifanya.

Hata hivyo, wengi wanaosema wameugua mara mbili hawakuugua homa ya mafua mara zote mbili. Virusi vinavyosababisha mafua ya kawaida ni vingi mno, na dalili zake huingiliana na za homa ya mafua kiasi kwamba hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa tu. Ishara ninayoiona kuwa na uzito ni namna ugonjwa unavyoanza: homa ya mafua huja kwa ghafla, kwa homa kali, maumivu ya misuli na uchovu unaomwangusha mtu ndani ya saa chache, ilhali mafua ya kawaida hujongea polepole, yakianza na koo kuwasha na pua kutiririka. Lakini hiyo ni ishara tu, na ushahidi hupatikana kwa kipimo. Hapa pia tahadhari inahitajika, kwa sababu vipimo vya haraka vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache huwakosa wagonjwa wengi walio na virusi kweli, na jibu la kuwa huna si hakikisho. Kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, yaani PCR, ndicho kinachoaminika zaidi, tena hutaja kama ni A au B. Ningependa kila anayepimwa aulize aina hiyo na kuiandika pamoja na tarehe, kwa kuwa bila hiyo swali la kuugua mara mbili halina jibu.

Kuna hali moja isiyopaswa kuitwa mafua ya pili hata kidogo. Mgonjwa anaanza kupata nafuu, homa inashuka, anakula na kutembea, kisha baada ya siku chache homa inarudi kwa nguvu, kikohozi kinazidi na pumzi inakuwa fupi. Katika hali kama hiyo jambo la kwanza la kushukiwa ni nimonia ya bakteria iliyoingia kwenye mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa na kirusi, na mgonjwa huyo anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Anayejiambia kwamba ni mafua yamerudi tu, kisha akasubiri yapite yenyewe, anaweza kupoteza siku ambazo matibabu yangemfaa zaidi.

Je, kirusi kilekile kinaweza kumrudia mtu baada ya wiki chache? Kwa kawaida hapana, lakini kisa cha kisiwa cha Tristan da Cunha, kilicho katikati ya Atlantiki ya Kusini, kinatuzuia kusema kwamba haiwezekani kabisa. Tarehe 13 Agosti 1971 meli iliyotoka Cape Town iliwashusha wenyeji watano, watatu kati yao wakiwa wameugua safarini na wawili wakaugua mara baada ya kufika. Jamaa walikusanyika kuwakaribisha, na ugonjwa ukasambaa kisiwa kizima. Kati ya wakazi 284, waliougua walikuwa 273. Wiki tatu hivi baadaye, wakati wimbi lilipoonekana kupungua, watu wakaanza kuugua upya, na hadi mlipuko ulipokwisha baada ya siku 59, wakazi 92 walikuwa wameugua mara ya pili. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba aliyehusika ni H3N2.

Watafiti waliozipitia takwimu hizo kwa hesabu miaka 40 baadaye waliona maelezo mawili yanayoafikiana vizuri na kilichotokea. La kwanza ni kwamba baadhi ya wagonjwa hupona bila mwili wao kujenga kinga ya kutosha. La pili ni kwamba kuna kipindi kifupi kati ya kupona na kinga ya kudumu kukamilika, ambapo mlango hubaki wazi kwa muda, na mtu anayekutana tena na kirusi katika kipindi hicho huweza kuambukizwa. Katika kisiwa kile kidogo, ambako watu waliishi karibu karibu na karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, kukutana tena na kirusi katika kipindi hicho ilikuwa jambo rahisi. Katika jamii kubwa, ambako maambukizi hutawanyika kwa miezi, bahati mbaya ya namna hiyo ni adimu. Ndiyo maana sikubali kisa hiki kitumiwe kuwatisha watu, ingawa kinatufundisha kwamba kupona hakumpi mtu ngao siku hiyo hiyo.

Tukigeukia chanjo, ni vema kuanza na mambo mawili ambayo husahaulika. Kwanza, inachukua kama wiki mbili tangu kuchanjwa hadi kingamwili ziwe za kutosha, kwa hiyo anayeugua siku ya tano hajaangushwa na chanjo, bali kirusi kilimfikia kabla kinga haijajengeka. Pili, hata katika mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kumlazimu mtu kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60 tu. Tukichukua asilimia 50 kuwa mfano, maana yake ni kwamba ikiwa wagonjwa ni 100 katika kila watu 1,000 wasiochanjwa, watakuwa kama 50 katika idadi hiyo hiyo ya waliochanjwa. Wale 50 wapo, na hawapaswi kuambiwa kwamba wameota.

Kinga hiyo haisimami mahali pamoja. Utafiti uliofanywa Marekani kwa misimu minne, kuanzia ule wa 2011 hadi 2012, ulikadiria kwamba ufanisi wa chanjo dhidi ya H3N2 na aina ya B hushuka kwa takribani asilimia 7 kila mwezi, huku kinga kiasi ikibaki kwa miezi mitano hadi sita angalau. Tuchukue basi watu wawili wanaoishi kaskazini mwa dunia, ambako msimu mara nyingi hufikia kilele kati ya Desemba na Februari. Mmoja amechanjwa mwanzoni mwa Agosti, mwingine mwishoni mwa Oktoba, na wote wameanza na kinga ya asilimia 50. Kufikia katikati ya Februari, wa kwanza ametimiza miezi sita tangu kinga yake ikamilike, na kwa makadirio hayo amebakiwa na asilimia 8 hivi. Wa pili ametimiza miezi mitatu, naye bado ana kama asilimia 29. Chanjo ni ileile, nao wamekutana na kirusi siku moja, lakini hatari zao zimetofautiana kwa sababu ya tarehe ya sindano.

Namba hizo hazifai kusomwa kama saa ya ukutani. Sehemu ya mporomoko huo hutokana na kingamwili kupungua kweli, hasa kwa wazee, lakini sehemu nyingine hutokana na kirusi kubadilika kadiri msimu unavyosonga, na nyingine tena hutokana na namna ya kulinganisha: kadiri watu wasiochanjwa wanavyougua na kupata kinga yao wenyewe, ndivyo tofauti kati yao na waliochanjwa inavyozidi kuonekana ndogo. Aidha, aliyechanjwa akiugua, uwezekano wake wa kufikia hali mbaya huwa mdogo zaidi.

Kwa hiyo naona si sahihi kuwahimiza watu wazima wakimbilie chanjo mara tu inapofika, miezi mingi kabla ya msimu, hasa waliofikisha umri wa miaka 65. Septemba na Oktoba ni wakati bora kwa wengi wa kaskazini, na wa kusini huhesabu kwa kalenda yao, kabla majira yao ya baridi hayajaanza. Lakini nisieleweke vibaya: kwa mtu ambaye hana uhakika wa kurudi, chanjo ya mapema ni bora kuliko chanjo ambayo haikuchomwa kamwe. Watoto wa miezi sita hadi miaka minane wanaochanjwa kwa mara ya kwanza hawapaswi kusubiri, kwa kuwa wanahitaji dozi mbili zinazotenganishwa kwa wiki nne au zaidi. Vilevile, mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho anaweza kuchanjwa mapema ili kingamwili zake zimfikie mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa hadi afikishe miezi sita.

Kuhusu aliyekwisha kuugua msimu huu kabla ya kuchanjwa, ambaye mara nyingi huuliza kwa nini ajisumbue tena, jibu langu linatokana na yale niliyoyaeleza juu ya aina za virusi. Ikiwa aliugua H3N2 mwezi Novemba, chanjo bado ina sehemu ya H1N1 na sehemu ya B ambazo mwili wake haujazipata katika ugonjwa huo. Akishapona na homa kumwisha, achanjwe, mradi msimu bado unaendelea, na wiki mbili baadaye atakuwa na kinga dhidi ya ile aina ya B ambayo mara nyingi hushika kasi karibu na mwisho wa msimu.