Chupa Tisa Kabatini, Nyingine Majumbani

"Dawa ya kikohozi mmeitoa kwenye rafu mkaifungia. Mimi niliyeinunua kabla, mbona hamkunipigia simu, mwanangu?" Aliniuliza hivyo mama mmoja wa Matondoni, katika duka letu la dawa hapa Lamu.

Hatukupiga kwa sababu nambari yake hatukuwa nayo. Baya zaidi, hatukujua kama chupa yake ilikuwa ya bechi ile, yaani lile fungu la chupa zilizotengenezwa pamoja, lililotangazwa lirejeshwe.

Kazi ya dukani haisumbui sana. Tangazo la kurejesha dawa likifika, unachotafuta ni nambari ya bechi, kwa kuwa jina la dawa peke yake halitoshi. Unapekua rafu, stoo, hata kasha la vilivyorudishwa na wateja. Watu wawili wanahesabu, kila mmoja kivyake. Chupa zinatiwa boksi moja, linapigwa selotepu na kuandikwa USIUZE, bechi, idadi, tarehe na sahihi, kisha linafungiwa kabatini mpaka msambazaji azichukue na kuacha karatasi ya mapokezi. Kuzimwaga mtaroni ni kosa: ukizimwaga, hesabu haitafungika tena.

Na hesabu yetu ilikuwa hivi. Tulipokea chupa 24 za bechi ile. Kabatini ziliingia 9, na moja ilivunjika ikishushwa gatini, kwa hiyo 14 zilikuwa zimeuzwa. Lakini mwezi uleule tulipokea 12 za bechi nyingine ya dawa hiyohiyo, tukazipanga rafu moja, na 8 kati yake zikauzwa. Stakabadhi yetu huonyesha jina la dawa na bei, haionyeshi bechi. Basi kuwapata wenye chupa 14 ilibidi tuwatafute wanunuzi wa chupa zote 22. M-Pesa nayo ilitusaidia kidogo tu, maana inamtaja aliyelipa, na aliyelipa mara nyingine ni mjomba aliye Mombasa.

Wapo wenzangu wanaoona tangazo mlangoni, na lingine msikitini, linatosha. Hawasemi hivyo kwa uvivu. Mji wetu ni mdogo, na simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Daftari la nani kanunua nini likionekana na jicho lisilohusika, aibu haifutiki. Tena kuna hofu. Mwaka 2018 dawa ya presha iitwayo valsatani iliporejeshwa nchi nyingi kwa kukutwa na uchafu unaoweza kuleta saratani, wadhibiti wa Ulaya na Marekani waliwaambia wagonjwa wasiache kumeza mpaka wapate mbadala, kwa kuwa kuiacha ghafla kulikuwa na hatari ya karibu zaidi. Tangazo la "msitumie" lingewadhuru watu hao.

Hoja hizo nazikubali, ila haziiokoi karatasi ya mlangoni. Aliyekuja kwa boti kutoka Faza hatapita tena barabara yetu ya Usita wa Mui wiki hii. Aprili 2024 Kenya ilirejesha dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, bechi 329304, baada ya Nigeria kusema imekuta sumu ya daiethilini glaikoli iliyozidi. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake havikuikuta. Bechi hiyo ilitengenezwa Mei 2021 na muda wake ulikuwa unaisha Aprili hiyohiyo. Baada ya karibu miaka mitatu, rafuni ungekuta nini? Zilizobaki, kama zilibaki, zilikuwa juu ya makabati ya watu. Na sumu hiyo ikiingia kwa mtoto huanza kwa kutapika na tumbo kuuma, kisha mkojo unapungua au kukatika, figo zinaharibika. Mzazi asiyejua atadhani ni homa tu, atampa kijiko kingine.

Kwa hiyo mimi nashika njia ya kati, nikiegemea upande wa yule mama. Nambari ya simu na bechi ziandikwe kwa dawa za maji za watoto na kwa dawa za kila siku kama za presha na sukari. Zingine zibaki bila daftari. Ujumbe usitaje dawa: "Njoo na ulichonunua kwetu mwezi huu, tutakubadilishia." Kwa dawa ya mtoto ongeza "usimpe tena"; kwa ya presha, "endelea kumeza mpaka ufike". Na stakabadhi isidaiwe, wala chupa iliyotumika nusu isikataliwe; ukidai, hawatarudi. Vidonge vilivyokatwa kwenye ukanda wake wa foili ni shida nyingine, kwani nambari ya bechi hupigwa ukingo mmoja tu, na mkasi ukipita mara nyingi hubaki upande wetu.

Yule mama alifungua mkoba akatoa chupa, nusu yake imeshatumika. Mtoto alikuwa mzima, anakojoa kama kawaida. Lebo ilikuwa imelowa dawa, nambari zimefutika isipokuwa tatu za mwanzo, na hizo tatu bechi zote mbili zilishirikiana. Tukamrudishia pesa zake, tukafungua kabati. Pembeni ya ile 9 nikaandika: "na 1, haisomeki", nikatia sahihi.